Leseni ya plagini: mteja ananunua nini hasa?

Neno linalowagombanisha wauza plagini za WordPress, yaani programu za kuongezea tovuti uwezo, na wateja wao ni "leseni". Mwenye tovuti akilisikia hufikiria leseni ya biashara: ikiisha muda, unafunga duka. Ya plagini kwa kawaida haiko hivyo.

WordPress yenyewe hutolewa kwa masharti ya GPL, leseni ya programu huria, na plagini nyingi huyafuata. Utayaona juu kabisa ya faili kuu:

```
License: GPL-2.0-or-later
Requires PHP: 7.4
```

Masharti hayo yanamruhusu mteja kutumia msimbo, kuubadilisha, hata kumpa mwingine, bila kikomo cha muda. Basi sisi wauzaji tunauza nini? Tunauza ufunguo: namba ambayo mteja huiingiza kwenye tovuti yake ili apate matoleo mapya na majibu yetu, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha plagini inaendelea kufanya kazi. Kinachokoma ni matoleo na msaada.

Mimi niko Tanga. Dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo alinunua kwangu plagini ya kupokea oda za vyumba. Mwezi wa kumi na nne akanipigia: tovuti imezimika, imebaki sentensi moja tu, "There has been a critical error on this website." Hakuwa amegusa kitu. Kampuni inayohifadhi tovuti yake ndiyo iliyohamisha seva kutoka PHP 7.4, lugha inayoendesha WordPress, kwenda PHP 8, na plagini yangu ya zamani ilikuwa bado inaita `create_function`, ambayo PHP 8.0 iliiondoa kabisa. Nilikuwa nimeshaitoa kwenye toleo jipya, lakini toleo hilo lilitoka miezi miwili baada ya ufunguo wake kuisha.

"Si nilishanunua, kaka?" Alikuwa na haki ya kuuliza, maana ukurasa wangu wa mauzo uliandika "leseni ya mwaka 1" na basi.

Kwanza nilimwelekeza aingie kwenye faili za seva, afungue `wp-content/plugins` na abadilishe jina la folda ya plagini. WordPress ikishindwa kuiona huizima, na tovuti ikarudi, ingawa bila fomu ya oda. Toleo jipya nikampa bure. Sikuwa na deni kwake kisheria. Nilikuwa nalipia uzembe wa maandishi yangu.

Sasa nimeandika wazi kwamba ufunguo ni wa tovuti moja, na mteja akihamia anwani nyingine auondoe kwanza kule kwa zamani. Msaada ni kurekebisha hitilafu za plagini yenyewe. Kubadilisha rangi za fomu au kugombana na mwenye seva kuna bei yake. Na kiraka cha usalama nakitoa kwa kila mtu, hata ambaye ufunguo wake umeisha. Wauzaji wengine hawakubaliani nami hapo, lakini tundu la usalama ni kosa langu, si la mteja.