Hadithi ya jioni ya kuitikiana: watu wanachodhani na ukweli wenyewe

Naona watu wengi siku hizi wanaandika skripti za kuwasimulia watoto jioni, jambo zuri sana, ila kuna vitu vinarudiwa sana na sio kweli. Nitatumia hadithi moja ya pwani mnayoijua wengi, ile ya Sungura na Simba aliyejificha ndani ya nyumba.

DHANA: "Paukwa, pakawa" ni pambo la kuanzia tu.

UKWELI: Pale ndo unapima hadhira yako. Unaita "Paukwa!" wanajibu "Pakawa!", "Sahani!" "Ya mchele!", "Giza!" "La mwizi!", na wakati wanajibu wewe unaskiliza sauti zinatoka wapi, kama ni wa mbele tu wanaojibu basi wa nyuma bado wanasukumana au wanasinzia, rudia, wageukie wao, usianze hadithi bado. Wakishajibu wote kwa pamoja ndo unaingia "hapo zamani za kale".

DHANA: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea" inafundisha watoto kudanganya, bora itolewe.

UKWELI: Hapana jamani, msiitoe. Mtoto mwenyewe ndo anaitamka, yaani anakubali kwa mdomo wake kwamba kinachofuata ni cha kubuni, wanyama wataongea na hakuna atakayeuliza kesho kama ni kweli.

DHANA: Watoto wakiitikia kila mstari ndo hadithi imenoga.

UKWELI: Hii ndo inaharibu skripti nyingi kuliko zote. Angalia hadithi yetu: Sungura anarudi kwake, anahisi kuna mtu ndani, anaita "Nyumba yangu, hujambo?" Kimya. Anasema kwa sauti mbona ajabu, kila siku nikiisalimia nyumba yangu inaitika, leo kuna nini, au kuna mtu? Simba kule ndani akiskia hivo anaogopa kugundulika, anajibu yeye, na Sungura anatoka mbio. Sasa mwandishi anaandika watoto wajibu "Sijambo!" Sungura akiita, basi nyumba imeshaongea kweli na ujanja wote umekufa, Simba hana tena cha kunaswa nacho.

Na hata usipowaandikia watajibu tu, kwa sababu mtoto wetu ukimwambia hujambo mdomo unajibu wenyewe kabla hajafikiria. Kwa hiyo watayarishe mapema, wakati Sungura bado yuko njiani:

Msimulizi: Nyumba ya Sungura ina mlango?
Watoto: Inaoo!
Msimulizi: Ina dirisha?
Watoto: Inaloo!
Msimulizi: Ina mdomo?
Watoto: Hainaaa!
Msimulizi: Sasa ikisalimiwa itajibu?
Watoto: Haijibuu!

Hapo wameshasema wenyewe. Afu wape ishara, ukiinua mkono juu wote kimya, ijaribuni mara mbili kabla ya kuendelea. Na umteue mmoja mkubwa kidogo, akae nyuma yao wasikomuona, huyo ndo Simba.

Msimulizi (mkono juu): Nyumba yangu, hujambo?
Watoto: (kimya)
Msimulizi: Nyumba yanguuu, hujambo?
Watoto: (kimya)
Msimulizi: Mh! Kila siku inaniitikia, leo vipi? Au kuna mtu humo ndani? Nyumba yangu, hujambo?
Simba (sauti nzito, taratibu): Sijamboo!
Msimulizi (anashusha mkono): Jamani! Nyumba ina mdomo?
Watoto: Hainaaa!
Msimulizi: Basi nani kajibu?
Watoto: Simbaaa!

Kile kimya usikiharakishe, subiri pumzi mbili hivi kila mara, utaona wadogo wanaziba midomo kwa mikono. Mmoja akiponyokwa na "sijambo" usimkaripie, mwambie "shh, Simba atatuskia" uite tena, hapo anakuwa amejificha na wenzake badala ya kuwa mkosaji.

DHANA: Skripti inatakiwa iandikwe neno kwa neno ikaririwe.

UKWELI: Mistari ya watoto ndo isibadilike, na iwe mifupi, neno moja mpaka manne, la sivyo hawaitamki pamoja. Ya msimulizi andika vichwa tu: Sungura anatoka, Simba anaingia, nyumba ina nini, anaita, anakimbia. Ukiisoma kwenye karatasi macho yako yanakuwa chini, huwaoni, na giza likiingia hata karatasi yenyewe huioni. Ukifika mwisho sema tu "hadithi yangu imeishia hapo, ikiwa nzuri ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu", na wakidai nyingine anza upya na paukwa, maana hapo katikati wameshasambaa.