Reli ya taulo bafuni ifungwe kimo gani? Anza kwa kupima taulo

Katika nyumba nyingi zinazojengwa hapa Kisumu, kuanzia Mamboleo hadi Riat, reli ya taulo hufungwa siku ya mwisho kabisa ya kazi ya bafu. Fundi huinua mkono, huibandika reli ukutani pale kiganja kilipofika, humuuliza mwenye nyumba kama hapo ni sawa, kisha hutoboa. Kimo hicho kimetokana na urefu wa fundi. Watakaooga humo kila siku hawakupimwa, wala taulo lao halikupimwa. Mimi hufundisha kazi za ujenzi katika chuo cha ufundi, na ninawataka wanafunzi wangu wapime taulo kwanza kabla ya kugusa ukuta.

Taulo kubwa la kuogea huwa na upana wa takriban sentimita 70 na urefu wa sentimita 140. Ukilitandaza juu ya reli likaning'inia sawa pande zote mbili, kila upande hushuka sentimita 70. Basi reli ikiwa sentimita 120 kutoka sakafuni, ncha ya taulo itaishia sentimita 50 juu ya sakafu. Hizo 50 ni muhimu sana kwetu, kwa sababu bafu zetu nyingi hazina kioo wala pazia la kuzuia maji, na wengi huoga kwa beseni. Maji yakimwagwa sakafuni huruka. Ukishusha reli hadi sentimita 90, ncha ya taulo hubaki 20 tu na hulowa kila mtu anapooga. Ukiipandisha hadi 165, mama wa kimo cha sentimita 155 hawezi kulitandaza taulo vizuri. Atalitupia juu ya reli tu, nalo litakaa limejikunja na halitakauka. Kwa watu wazima, sentimita 120 ndicho kimo ninachokitetea. Ikiwa wote ni warefu, ongeza tano.

Urefu wa reli yenyewe husahaulika. Reli za sentimita 60 zimejaa madukani, ilhali taulo lina upana wa 70. Matokeo yake taulo hukusanywa ili lienee, na zile sehemu zilizokunjamana hubaki na unyevu hadi jioni. Hewa ya kandokando ya ziwa ina unyevu tayari, kwa hiyo taulo kama hilo huanza kunuka siku ya pili. Nunua reli ya 75 au zaidi. Hakikisha pia kwamba imetoka ukutani sentimita 7 hivi, ili upande wa nyuma wa taulo usigusane na vigae. Kulabu hukausha vibaya zaidi, kwani taulo lote hujibana mahali pamoja. Mimi huziachia kulabu nguo na kanga, na taulo dogo la mtoto.

Tuchukue nyumba moja tuipangie. Baba ana kimo cha sentimita 178 na mama 160. Nyanya yupo, na magoti yake yanauma. Mtoto wa kwanza ana miaka saba na kimo cha 120, mdogo wake ana miaka minne na kimo cha 100. Bafu lina upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita mbili na kidogo, mlango uko upande mmoja na shawa upande wa pili. Reli ya wakubwa itakaa kwenye ukuta mrefu, karibu na mlango, mbali na maji ya shawa, kimo cha 120. Kulabu za nguo za baba na mama zitakuwa nyuma ya mlango kwa sentimita 170. Kanga ikitundikwa hapo kwa katikati yake haitagusa sakafu.

Watoto ndio wanaohitaji fikra zaidi. Kulabu ya 170 hawaifikii, kwa hiyo taulo lao huishia sakafuni, na lawama huwaangukia wao. Jibu la haraka ni kufunga kulabu sentimita 90, lakini hapo ndipo yalipo macho ya yule mdogo, na kulabu yenye ncha kali kwenye bafu linaloteleza inaweza kumtoboa jicho. Ukiipandisha hadi 110 umemwondolea hatari mdogo na kumpelekea mkubwa, maana macho yake yako hapo. Kwa watoto hawa wawili, ningefunga reli fupi ya pili chini ya ile ya wakubwa, lakini pembeni yake, kwa kimo cha sentimita 90, yenye pembe zilizoviringwa. Taulo la mtoto la sentimita 60 kwa 120 likitandazwa hapo litaishia sentimita 30 juu ya sakafu. Si juu sana, ndiyo maana reli hiyo isogee karibu na mlango kadiri iwezekanavyo. Ikiwa ni lazima ziwe kulabu, chagua zile zenye vichwa vya mviringo kama kifungo, na uzifunge kwenye kona ambako hakuna anayepita.

Nyanya naye ana hitaji lake. Mtu anayeteleza hushika kilicho karibu, na kilicho karibu mara nyingi ni reli ya taulo. Reli hiyo hushikiliwa na skrubu fupi mbili au nne na haikuundwa kubeba mwili. Ikitikisika ukiivuta kwa mkono mmoja, tayari imeshaanza kung'oka. Mfungie nyanya chuma chake cha kushikia, kati ya sentimita 85 na 90, kando ya shawa na kando ya choo, kwa skrubu ndefu zinazoingia kwenye jiwe au tofali lenyewe kupita kigae na plasta. Chuma cha kushikia kinachostahili jina hilo hustahimili zaidi ya kilo 110.

Vingine havisumbui. Kishikio cha karatasi ya choo kiwe sentimita 65 hadi 70, mbele kidogo ya ukingo wa choo, ili aliyeketi asijipinde kurudi nyuma. Taulo la mikono likae sentimita 40 hivi juu ya ukingo wa sinki. Sahani ya sabuni kwa wanaooga wima na wanaoinama juu ya beseni pia inafaa ikiwa 100.

Vipimo vyote hivi huanzia kwenye sakafu iliyokwisha kupakwa vigae. Saruji ya mteremko, gundi na kigae vikiwekwa baada ya wewe kutia alama, sakafu hupanda sentimita kadhaa, na reli ya 120 hugeuka kuwa ya 115. Kabla ya kutoboa, bandika utepe wa karatasi kwenye kila alama na uwaachie wa nyumbani siku mbili. Kila mmoja anyooshe mkono akiwa amelowa, na mtoto pia.

Kisha uliza nyaya za shawa ya umeme zimepita wapi. Nyaya hizo na mabomba ya maji kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi, shawa na bomba, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya vitu hivyo, na zima umeme kwenye swichi kuu. Toboa kigae kwa keekee ya vigae, bila kugonga, sentimita tatu au zaidi kutoka ukingoni, maana ukingo hupasuka upesi. Ukishavuka kigae ndipo ubadilishe uweke keekee ya ukuta na uruhusu igonge. Rolplagi iingie yote, ipite kigae kabisa. Ikibanwa ndani ya kigae chenyewe, skrubu itaitanua na kigae kitapasuka, pengine siku chache baada ya fundi kuondoka.