Maswali na majibu: ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele asiyeonekana

Daktari, nina ng'ombe watano, nakamua kwa mkono. Maziwa ni meupe, viwele havijavimba, lakini kila baada ya miezi miwili mitatu mmoja anaugua kiwele. Namtibu anapona, mara anaanza mwingine. Huu ugonjwa unatoka wapi?

Ukiona wanapokezana namna hiyo, mtafute ng'ombe aliyemo zizini ambaye humshuku kabisa. Ugonjwa wa kiwele, au mastaitisi, una sura mbili. Ile unayoijua ni ya mabonge, maziwa ya majimaji, robo ya kiwele iliyovimba na kupata moto, na teke ukiigusa. Sura ya pili haikuonyeshi kitu. Ng'ombe anakula vizuri, maziwa yanapendeza, kumbe bakteria wamejikalia ndani ya robo moja na wanatoka kidogo kidogo kila unapomkamua. Wenye tabia hii ni hasa stafilokokasi na baadhi ya streptokokasi. Hawaruki hewani. Wanapandishwa kwa ng'ombe mwingine na mikono yako, kitambaa, na kopo la mafuta ya kukamulia linalochovywa vidole kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine.

Wapo pia bakteria wa kinyesi na matandiko machafu, na hao wanaweza kumlaza ng'ombe kwa siku moja. Lakini kwa maelezo yako mimi ningeanza na mikono.

Nitamjuaje huyo aliyejificha, na maabara iko mbali?

Anza na michirizi mitatu minne ya kwanza ya kila chuchu. Ikamulie kwenye kikombe cheusi, au kikombe chochote ulichokifunga kitambaa cheusi mdomoni, ndipo mabonge madogo yanapoonekana. Usiikamulie sakafuni, na kamwe usiikamulie kiganjani. Hii itakukamatia ugonjwa unaoanza kujitokeza, ila uliojificha hasa utapita hapo bila kuonekana.

Wa kujificha anakamatwa na kipimo cha Kalifonia. Ni sahani ya plastiki yenye vikombe vinne na chupa ya dawa, vinapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo. Baada ya kumwaga michirizi ya kwanza, kamua kidogo kila chuchu kwenye kikombe chake. Shika sahani kwa namna ileile kila siku, mpini ukielekea upande mmoja, usije ukachanganya robo ya kulia na ya kushoto. Inamisha sahani maziwa ya ziada yamwagike, kila kikombe kibaki na mililita 2 hivi, kisha tia dawa kiasi hichohicho. Zungusha taratibu kwa sekunde 10 hadi 15 na usome papo hapo ukiwa bado unazungusha, maana ute ukikaa unaanza kulegea.

Maziwa mazima yanabaki majimaji. Ukiona uzi mwembamba wa ute unaopotea ukizidi kuzungusha, hiyo ni dalili hafifu. Ute usiopotea ni 1. Ukiwa mzito na kujikusanya katikati ni 2. Ukijiviringa kama ute wa yai na kikombe kikiinamishwa unateleza wote kwa pamoja, hiyo ni 3. Kinachotengeneza ute si bakteria wenyewe. Ni seli nyeupe ambazo mwili umezituma kupigana nao. Dawa inazipasua na vilivyomo ndani yake vinagandamana. Kwa hiyo kipimo kinakuambia kuna vita, hakikuambii adui ni nani.

Dawa hiyo ikikosekana, sabuni ya unga ya kufulia, gramu 30 katika lita 1 ya maji, hufanya kazi ya jirani yake. Zungusha kwa muda mrefu kidogo, kama dakika moja, na usitegemee itakutofautishia 1 na 2.

Nimepima. Nyota, mzao wa kwanza, safi zote. Malkia nyuma kulia 3, mbele kushoto 1. Pendo nyuma kushoto 2. Zawadi aliyezaa siku nne zilizopita, ute kidogo robo zote. Tausi, ambaye anakaribia kukaushwa, 1 zote nne. Ina maana wanne kati ya watano ni wagonjwa?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokimbilia sindano bure. Zawadi bado ana dang'a. Siku za mwanzo baada ya kuzaa seli huwa nyingi hata kwa ng'ombe mzima, basi mrudie akitimiza siku kumi. Tausi naye anatoa maziwa machache, na maziwa yakipungua seli zinajazana humo. Ukiona robo zote nne zinafanana, tulia kwanza. Inayonitia shaka ni robo moja inayojitenga na wenzake.

Kwa hiyo tuna Malkia na Pendo. Nilipokuuliza kwa simu unaanza na nani asubuhi, ulisema Nyota kwa kuwa yuko karibu na mlango, halafu Malkia kwa kuwa ana maziwa mengi, halafu Pendo. Tazama vizuri mfuatano huo. Nyota aliyetangulia ni mzima. Pendo anakamuliwa na mikono iliyotoka kwa Malkia. Siwezi kuapa kwamba ndivyo alivyopata, lakini ndilo la kwanza ningelibadilisha, na halina gharama: Nyota, Zawadi, Tausi, kisha Pendo, na Malkia awe wa mwisho. Kwa Malkia mwenyewe, ile robo ya nyuma kulia ikamuliwe mwisho kabisa, kwenye chombo chake.

Mbona mimi nachovya chuchu kwa dawa kila baada ya kukamua? Si ilitakiwa kuzuia?

Inazuia bakteria wasiingie. Waliokwisha kuingia haiwafikii, kwa hiyo Malkia angechovywa mwaka mzima na bado angebaki na wake. Isitoshe, ulivyonitumia picha niliona mambo mawili.

La kwanza ni kikombe. Dawa yako ya ayodini inapaswa kuwa na rangi ya kahawia, ya kwenye picha imekuwa kama chai ya maziwa. Imechoka. Uchafu na maziwa yanayodondoka humo yanaila nguvu yake, na ukiongeza mpya juu ya ya zamani unaiharibu na hiyo mpya. Mimina ya kutosha zamu moja, inayobaki imwage, kikombe kikioga kinyesi kioshe hapohapo. Wala usiizimue ili ifike mwisho wa mwezi, isipokuwa lebo inasema izimuliwe. Nyingi za kuchovya baada ya kukamua huwa na ayodini asilimia 0.5 pamoja na gliserini ya kulainisha ngozi. Ayodini ya vidonda usiitumie, itapasua chuchu, na kwenye nyufa ndimo stafilokokasi wanapofanya makao.

La pili ni chuchu yenyewe: rangi imeishia kwenye ncha. Chovya chuchu nzima hadi karibu na kiwele, mara tu unapomaliza kuikamua. Anayepulizia kwa chupa mara nyingi analowesha upande anaouona tu. Inama utazame upande wa pili, utaukuta mkavu. Kisha mpe chakula ili asimame, kwa sababu tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa hadi saa nzima baada ya kukamuliwa, na akilala kwenye tope muda huo kazi yako yote imepotea.

Naosha viwele vyote kwa ndoo moja ya maji ya moto yenye dawa, na kitambaa kimoja ninachokikamua vizuri. Hiyo haitoshi?

Ng'ombe wa kwanza ameoshwa. Wa tatu amepakwa. Maji ya moto ya ndoo hayana joto la kuua kitu, la sivyo mkono wako usingevumilia, na dawa imeshazidiwa na uchafu wa wawili waliotangulia.

Kila ng'ombe awe na kitambaa chake, vichemshwe na kuanikwa juani kila siku. Usiloweshe kiwele kizima kama si kichafu. Maji yanateremka na uchafu wa juu hadi kwenye ncha ya chuchu, halafu unayakamulia ndani ya ndoo. Safisha chuchu, zikaushe kabisa, anza kukamua baada ya dakika moja hivi, maziwa yakiwa yameteremka. Mikono ioshwe kwa sabuni kati ya ng'ombe na ng'ombe, si mwanzoni tu. Na lile kopo la mafuta, mkamuaji anayeshika chuchu kwa ngumi badala ya kuivuta kwa vidole viwili halihitaji.

Basi nimdunge Malkia antibayotiki leo?

Nisingefanya hivyo kabla ya kujua ni bakteria gani. Streptokokasi wa kuambukizana kwa kawaida huitikia penisilini vizuri hata ng'ombe akiwa anakamuliwa. Stafilokokasi hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele na kujizungushia usaha, dawa inapita nje. Maziwa yanakuwa safi wiki mbili, halafu yaleyale, na wewe umemwaga maziwa muda wote ulioagizwa na lebo ya dawa.

Chukua sampuli ya robo ile moja: futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, tupa michirizi ya kwanza, kamulia kwenye chupa isiyo na vijidudu ukiishika kimshazari, iweke kwenye barafu. Huo umbali wa maabara, sampuli inaweza kuusafiri ikiwa baridi.

Pendo mpime tena baada ya wiki mbili. Robo nyingine hujisafisha zenyewe ukiacha kuziongezea bakteria. Malkia, ikionekana ni stafilokokasi, nafasi yake nzuri ni siku ya kumkausha, kwa mirija ya dawa ya kukaushia robo zote nne. Safisha kwanza chuchu za upande wa mbali, lakini dawa ianzie chuchu za karibu, mkono usije ukagusa zilizokwisha kusafishwa. Ncha ya mrija iingie kidogo tu. Akizaa, msubiri apite siku kumi, umpime. Robo ya nyuma kulia ikirudi 3, na kwa kuwa yuko mzao wa tano, mimi ningemwondoa kundini. Na maziwa ya robo hiyo, kwa sasa, usimpe ndama jike.