Laki nne na ishirini kwa mwezi si bei ya oveni

Wiki iliyopita nimeisikia tena, mara ya tatu mwezi huu. Dada mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mikate Mbagala alikuja ofisini na karatasi ya kampuni ya karadha, ile inayokupa mashine uitumie huku ukiilipia kidogo kidogo hadi iwe yako, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja tu. "Mhasibu, ni laki nne na ishirini tu kwa mwezi. Kununua ni milioni kumi na mbili. Hapa kuna cha kufikiria?"

Kipo. Anachofananisha ni rejesho la mwezi mmoja na bei ya mashine nzima, ni kama kupima kikombe cha maji kwa pipa. Nilimpa kalamu, tukaisoma karatasi yote.

Oveni na mashine ya kukandia unga, taslimu, ni shilingi 12,000,000. Kwa karadha, kianzio ni asilimia 20, yaani 2,400,000, halafu marejesho 36 ya 420,000, ambayo ni 15,120,000. Mwisho kuna ada ya kuhamisha umiliki, 300,000, iliyoandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa nne. Jumla ni 17,820,000. Mashine ni zile zile, ila kaongeza 5,820,000.

"Lakini wameniambia riba ni asilimia 19."

Hapo ndipo ninapokosa subira. Asilimia 19 hiyo imepigwa kila mwaka juu ya deni lote la mwanzo, 9,600,000, kana kwamba mwaka wa tatu bado anadaiwa zote. Wakati huo ameshalipa sehemu kubwa, ila riba yake haishuki. Ukiikokotoa juu ya deni linalobaki kila mwezi, ni karibu asilimia 2.7 kwa mwezi, zaidi ya 32 kwa mwaka. Benki ikikutajia asilimia 22 ya salio linalopungua, masikio yatasikia kubwa kuliko 19, kumbe ni nafuu. Swali la kuuliza ni moja: "Riba hii inapigwa juu ya deni la mwanzo au juu ya salio?" Kisha dai ratiba ya marejesho, mwezi kwa mwezi. Afisa mauzo akisema ataituma baadaye, usisaini siku hiyo.

Wengine hugeukia upande wa pili: basi kununua taslimu ni nafuu siku zote. Hapana. Dada huyu alikuwa na akiba ya milioni 13. Angenunua, angebakiwa na milioni moja, na unga angelazimika kuuchukua kwa mkopo kwa muuzaji wake, anayeongeza shilingi 2,500 kwa kila mfuko wa mkopo. Kwa wiki anatumia mifuko 30, kwa hiyo ni 75,000 kwa wiki, laki tatu kwa mwezi. Ile ziada ya karadha, ukiigawa kwa miezi 36, ni kama 162,000 kwa mwezi. Akikaa kwenye unga wa mkopo miaka yote mitatu, taslimu ndiyo ghali.

Wengine husema: "Ikiharibika, kwani si mali yao? Watatengeneza." Kwenye karadha ya kumiliki mwishoni, mikataba karibu yote ninayoiona inakubebesha matengenezo na bima, na rejesho linaendelea hata oveni ikiwa imezima. Ukodishaji wa kawaida, ule wa kurudisha mashine, ndio mara nyingi huja na fundi wao. Soma kifungu cha matengenezo kabla ya kifungu cha bei.

"Biashara ikiyumba nitawarudishia." Watachukua mashine, wataiuza, na pengo likibaki watakudai wewe. Ndiyo maana humwambia kila mteja apime rejesho kwa mwezi wake mbovu. Kwa mwoka mikate wa Dar ni Ramadhani, mikate ya asubuhi inapolala dukani.

"Karadha inapunguza kodi." Kama unalipa kodi ya makadirio, inayopigwa kwa mauzo, gharama zako hazihesabiwi kabisa. Hakuna cha kupunguza.

Dada wa Mbagala aliigawa kazi. Mashine ya kukandia, milioni 3.5, aliilipia taslimu. Oveni ya milioni 8.5 aliichukua kwa karadha, kianzio 1,700,000, kwa miezi 24 badala ya 36, riba juu ya salio. Alilalamika kwamba rejesho la oveni ni kubwa kuliko angechukua miezi 36. Ni kweli, ni kubwa, lakini amebaki na 7,800,000, na unga ananunua kwa fedha mkononi.

Kabla ya kusaini alirudi na karatasi mpya. Safari hii kidole kilikuwa ukurasa wa nne, kwenye ile ada ya umiliki.