Je, wajua kwa nini shilingi 300 za bei ni nzito kuliko shilingi 156,000 za gharama za mwezi?

"Nikishusha bei ya chakula kwa asilimia 10, kwa nini nalazimika kuuza sahani nyingi mno ndipo nirudishe gharama, wakati gharama za mwezi zikipanda kwa asilimia 10 hiyohiyo mzigo ni mdogo?"

Kwa sababu gharama za mwezi hazilipwi na bei yote ya sahani. Zinalipwa na kile kinachobaki baada ya kutoa mchele, nyama, mafuta na moto. Ukipunguza bei, punguzo lote linakatwa kwenye baki hiyo ndogo.

Tuchukue mgahawa mdogo wa mfano Dar es Salaam, unaouza wali nyama mchana kwa shilingi 3,000, siku 26 kwa mwezi. Sahani moja inakula mchele gramu 150, ambao kwa shilingi 2,800 kilo ni shilingi 420. Nyama mbichi gramu 80, kwa 10,000 kilo, ni 800. Mafuta 120, nyanya, vitunguu na viungo 160, mboga za pembeni 100, gesi 150, tishu na sabuni ya vyombo 50. Jumla ni shilingi 1,800. Kila sahani inayotoka inaacha shilingi 1,200.

Upande wa pili kuna gharama za kudumu, zile zinazolipwa hata mvua ikinyesha kutwa na mteja asije. Pango 400,000, mishahara ya watu watatu 750,000, umeme na maji 120,000, taka na ulinzi 40,000, na mshahara wa mwenye mgahawa 250,000. Jumla 1,560,000. Huo mshahara wa mwenyewe ndio unaosahaulika mara nyingi, na ukiuacha nje, mgahawa utaonekana unajilipa huku mwenyewe anafanya kazi bure.

Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja:

```
sahani = gharama za kudumu ÷ (bei − gharama ya sahani)
1,560,000 ÷ (3,000 − 1,800) = 1,300 kwa mwezi
```

Sahani 1,300 kwa siku 26 ni sahani 50 kwa siku. Ya 51 ndiyo ya kwanza kuleta faida.

Sasa tusogeze kitu kimoja kimoja kwa asilimia 10. Gharama za kudumu zikipanda hadi 1,716,000, zinahitajika sahani 55 kwa siku. Ni ongezeko la asilimia 10 kamili, kwa sababu baki ya sahani haijaguswa. Gharama ya sahani ikipanda kutoka 1,800 hadi 1,980, baki inashuka hadi 1,020, na sahani zinakuwa 59. Bei ikishuka hadi 2,700, baki inabaki 900, na sasa ni sahani 67 kwa siku. Mteja ameona punguzo la moja ya kumi, lakini baki imepoteza robo nzima, na ndiyo maana sahani zinaongezeka kwa theluthi.

Kuna njia fupi ya kujua mgahawa wako unauma wapi, angalau kwa mabadiliko madogo. Gawanya bei kwa baki: 3,000 kwa 1,200 ni 2.5. Maana yake, bei ikicheza kwa asilimia 1, sahani unazohitaji zinacheza kwa takriban asilimia 2.5. Gawanya gharama ya sahani kwa baki: 1,800 kwa 1,200 ni 1.5. Gharama za kudumu siku zote ni 1. Hapo unaona kwamba gharama ya sahani ikishazidi nusu ya bei, kupanda kwa bei ya sokoni kunakuumiza kuliko mwenye nyumba anayeongeza kodi kwa asilimia ileile. Na baki ikiwa nyembamba zaidi, mambo huwa makali. Sahani ya 3,000 yenye gharama ya 2,400 inaacha 600 tu. Punguza bei kwa 300 na utahitaji sahani mara mbili.

Wanaoshusha bei husema wateja wataongezeka, na huenda ni kweli. Swali ni watakaa wapi. Mgahawa wetu una viti 20, na chakula cha mchana kinauzwa saa sita hadi saa tisa. Kila kiti kikikaliwa mara tatu, ni sahani 60. Kwa bei ya 2,700 unahitaji 67. Mgahawa unaweza kujaa kila siku, watu wamesimama mlangoni, na mwezi ukaisha kwa hasara: sahani 1,560 mara 900 ni 1,404,000, yaani pungufu ya shilingi 156,000. Ukiongeza viti na mhudumu wa nne wa 250,000, gharama za kudumu zinapanda, na sahani zinazohitajika zinakuwa 78.

Kupandisha bei kuna hesabu yake pia. Tuseme mgahawa unauza sahani 58 kwa siku, faida ni kama 249,600 kwa mwezi. Bei ikiwa 3,300, baki ni 1,500, na faida ileile inapatikana kwa sahani 47. Unaweza kupoteza wateja 11 kwa siku bila kurudi nyuma. Wakiondoka zaidi ya hapo, umekosea bei. Hesabu haiwezi kukuambia wangapi wataondoka, ila inakupa mpaka wa kuangalia ndani ya wiki mbili za kwanza.

Lakini mahali ambapo fedha hupotea kimyakimya ni kwenye upawa. Mpakuaji mwenye mkono mwepesi akitoa gramu 100 za nyama badala ya 80, ameongeza shilingi 200 kwenye sahani. Baki inashuka hadi 1,000, na sahani zinazohitajika zinapanda kutoka 50 hadi 60, kiasi kilekile ambacho viti vinaweza kubeba. Hakuna bei iliyobadilika, hakuna kodi iliyopanda, na daftari la mauzo linaonyesha siku nzuri.

Kuligundua ni rahisi kama unapima. Kilo 5 za nyama mbichi, kwa gramu 80, zinatakiwa kutoa sahani 62. Jioni hesabu sahani zilizouzwa na kilichobaki sufuriani. Kama sufuria ni tupu na zimeuzwa 50, kila sahani imekula gramu 100, au nyama imetoka kwa njia nyingine. Dawa ni kukata na kupima vipande kwenye mizani kabla ya kupika, kwa sababu nyama ikishaiva hupungua uzito na kipimo cha mbichi hakifai tena. Kwa mchele, tumia kikombe kimoja cha kupakulia, kikatwe juu kwa kijiko.

Nyama ikipanda kutoka 10,000 hadi 12,000 kilo, sahani inaongezeka shilingi 160, na zinahitajika sahani 58 kwa siku. Ile faida ya sahani 58 imeisha karibu yote. Bei ya kuirudisha baki ni 3,160, lakini chenji ya 160 hakuna atakayeitafuta. Ama unapanda hadi 3,200, ama unashusha kipande hadi gramu 66. Mteja wa kila siku anakijua kipande chake, kwa hiyo bora 3,200 iliyoandikwa ubaoni.