Bima ikisema gari lako ni hasara kamili: hesabu inavyofanyika

Gari linaweza kugongwa, likawashwa, likaendeshwa hadi gereji, na bado kampuni ya bima ikasema ni hasara kamili. Mwenye gari hushangaa, kwa sababu fundi ameshamwambia kwamba linatengenezeka. Fundi anasema kweli, ila bima haiulizi kama gari linatengenezeka. Inauliza kama gharama ya kulitengeneza inazidi hasara ambayo kampuni ingeipata kwa kukulipa fedha na kulichukua gari lenyewe.

Nazungumzia bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe. Kwenye mikataba yake kuna mstari ambao gharama ya matengenezo ikiuvuka, gari huhesabiwa limepotea. Baadhi ya kampuni huuweka kwenye asilimia 50 ya thamani ya gari, nyingine hupanda juu zaidi, kwa hiyo usome wa kwako. Lakini asilimia hiyo ni kipimo cha haraka tu. Hesabu yenyewe inahitaji namba tatu: thamani ya gari sokoni muda mfupi kabla ya ajali, gharama ya matengenezo, na bei ya mabaki, yaani kile ambacho mnunuzi yuko tayari kutoa kwa gari hilo likiwa limeharibika hivyohivyo.

Tuchukue mfano wa gari dogo Dar es Salaam lililogongwa mbele. Limekatiwa bima ya shilingi 22,000,000, lakini siku moja kabla ya ajali lingeuzwa 18,000,000. Mkadiria hasara analitazama likiwa limesimama kwenye yadi: bampa, boneti, taa zote mbili, rejeta na upande mmoja wa bodi. Anaandika 9,900,000, sawa na asilimia 55 ya thamani. Kampuni inatafuta bei za mabaki, na ofa ya juu inakuwa 6,500,000. Ikikulipa 18,000,000 na kuuza mabaki, hasara yake halisi ni 11,500,000. Matengenezo ni nafuu kuliko hapo, basi gari linapelekwa gereji, mradi mkataba wako hauna mstari wa asilimia 50.

Gereji wanalifungua, na hapo ndipo mambo hubadilika mara nyingi. Mifuko ya hewa ililipuka, kwa hiyo dashibodi imepasuka, mikanda ya viti vya mbele imejifunga na kompyuta inayoiongoza mifuko hiyo inapaswa kubadilishwa. Ncha ya chasisi imepinda sentimita chache, jambo ambalo jicho halikuliona bodi ikiwa bado imefunika. Makadirio mapya yanafika 12,600,000, asilimia 70 ya thamani. Sasa kulitengeneza ni ghali kuliko kulipa na kuuza mabaki, na gari lililokuwa "linatengenezwa" wiki iliyopita linatangazwa hasara kamili. Kwa hiyo usilipe gereji fedha yoyote ya kuanza kazi kabla makadirio ya pili hayajaidhinishwa kwa maandishi.

Ona pia kazi ya bei ya mabaki. Gari lenye spea zinazotafutwa sana huvutia ofa kubwa, na ofa kubwa hulisogeza gari kwenye hasara kamili. Ndiyo maana magari mawili yenye thamani moja na majeraha yaleyale yanaweza kupata majibu tofauti.

Tuje kwenye malipo, ambako malalamiko mengi huanzia. Mwenye gari huyu anatarajia milioni 22 kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwenye bima yake. Hazipati. Kiasi kilichoandikwa ni kikomo cha juu cha malipo, na bima ya kawaida inakurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, bila faida. Atalipwa kutoka kwenye milioni 18. Ile milioni 4 ya juu ameilipia ada bila kupata chochote, kwa sababu ada huhesabiwa kwa asilimia ya kiasi kilichokatiwa. Kila unapohuisha bima, angalia bei za wakati huo na uirekebishe namba hiyo.

Kuishusha mno nako kuna adhabu. Kama gari hilohilo lingekatiwa 12,000,000 ili kupunguza ada, hasara kamili ingelipwa isiyozidi 12,000,000. Na kama mkataba una kipengele cha uwiano, hata matengenezo yangelipwa theluthi mbili tu, kwa kuwa umekata bima ya theluthi mbili ya thamani. Kwenye yale makadirio ya kwanza ya 9,900,000, ungepewa 6,600,000 na nyingine ungetafuta mwenyewe.

Kwenye milioni 18 kinakatwa kiasi cha kujigharamia. Tuseme mkataba unataka asilimia 10 ya dai: 1,800,000 zinatoka, zinabaki 16,200,000. Ukitaka kubaki na gari lililoharibika, bei ya mabaki nayo inakatwa, unapewa 9,700,000 na gari lako. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo na benki imetajwa kwenye bima, benki hulipwa kwanza. Ukiwa unadaiwa 7,000,000 na gari umeliacha, mkononi unapata 9,200,000. Deni likizidi malipo, tofauti inabaki kuwa deni lako hata kama gari halipo tena.

Namba inayofaa kubishaniwa kuliko zote ni thamani ya soko. Huku kwetu bei ya gari lililotumika haifuati mwaka wa kutengenezwa peke yake. Wanunuzi huangalia pia herufi ya namba ya usajili. Magari mawili ya mwaka mmoja, moja namba C na jingine namba E, hayauzwi bei moja, kwa kuwa la pili limeingia nchini karibuni na barabara zetu hazijalichosha. Mkadiria akilinganisha gari lako la namba E na matangazo ya namba C, atakuonea bila kukusudia. Omba kwa maandishi magari aliyoyatumia kulinganisha. Wewe leta ya kwako yenye aina, mwaka, injini na kilomita zinazokaribiana, pamoja na risiti za matairi mapya au kazi kubwa ya injini. Kumbuka tu kwamba bei ya tangazo si bei ya mauzo. Wote tunajua watu hupunguziana.

Haya yote yafanywe kabla ya kusaini hati ya kukubali malipo. Hati hiyo kwa kawaida husema umepokea malipo kamili na ya mwisho, na ukishaisaini kudai nyongeza ni vigumu sana. Naona uchungu mtu anaposainishwa kwa haraka eti hundi iko tayari, hajaonyeshwa hata thamani ilivyopatikana. Una haki ya kuuliza. Kampuni ikishikilia msimamo wake, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na mkataba, makadirio yote mawili na barua mlizoandikiana.

Ukilipwa na kuliacha gari, utakabidhi funguo na kadi ya gari. Hakikisha umiliki unahamishwa TRA na upate nakala inayoonyesha hivyo. Mabaki hununuliwa, yakatengenezwa na kurudi barabarani, na kama kadi bado ina jina lako, faini za usalama barabarani zitaendelea kuja kwako.