Pesa iliyobaki benki sio gharama ya kumalizia jengo

Mwezi huu nimeulizwa tena, na safari hii na mtu wa benki kabisa, sio mwenye mradi: "Injinia, bajeti ni mia, tumetoa 61 na nusu, imebaki 38 na nusu, na mkopo ambao haujachotwa ni 38 na nusu, sasa hii ripoti yako inasema kuna pengo, pengo limetoka wapi?" Nikamwambia hiyo hesabu yako haiwezi kukosea hata siku moja. Ndio tatizo lake.

Ukichukua bajeti ukatoa ulichotumia, jibu lazima lifanane na pesa ambayo haijachotwa, kwa sababu siku ya kwanza mkopo na mtaji vilipangwa vilingane na bajeti. Hapo hujapima jengo, umepima karatasi kwa karatasi nyingine. Hata saiti ikiungua leo usiku, kesho asubuhi hesabu hiyo itabalansi vilevile. Kazi yangu kama mshauri wa kiufundi wa benki kila mwezi ni kuuliza swali lingine: kuanzia leo mpaka jengo likabidhiwe, ni kiasi gani kitatakiwa kulipwa, kwa nani, na je mkopo uliobaki unatosha? Hiyo ndio gharama ya kumalizia, na inajengwa upya kila mwezi kuanzia chini, haitolewi kwa kutoa.

Ngoja niweke namba za huu mradi wenyewe, nimezibadilisha kidogo ili usijulikane, zote ni milioni, sarafu weka unayotaka. Jengo la ofisi na maduka chini. Bajeti mia: ardhi 20, mkataba wa ujenzi 60, ada za wataalamu 6, riba na ada za benki 7, dharura 7. Mwenye mradi kaweka 30 zake na zimetumika kwanza kama kawaida, benki inaweka 70. Tuko mwezi wa 11 kati ya 18. Ukilipa ombi la malipo la mwezi huu, mkandarasi atakuwa na vyeti vya malipo vya 36 jumla, toa zuio la asilimia 5, yaani pesa yake inayoshikiliwa kwa muda, ambalo ni 1.8, analipwa 34.2. Jumlisha ardhi 20, ada 4.8, riba na ada za benki 2.5, unapata 61.5. Mkopo uliochotwa 31.5, uliobaki 38.5. Mpaka hapo tuko pamoja.

Kwenye ukurasa wa muhtasari mwenye mradi kaandika kwa herufi nene: ujenzi asilimia 60, muda asilimia 61, dharura haijaguswa. Na mtu wa benki anapenda sana hiyo sentensi ya tatu. Jamani, dharura "haijaguswa" maana yake tu hakuna aliyeandika kwenye ule mstari. Haimaanishi haijaliwa.

Sasa twende polepole. Mkandarasi bado anadai 24 za mkataba pamoja na zuio 1.8 ambalo lazima lirudishwe, jumla 25.8. Hiyo hata mtoto anaiona. Halafu nikaomba daftari la maagizo ya saiti, sio ripoti, daftari lenyewe lenye saini. Kuna mabadiliko ambayo mbunifu ameshaagiza na kazi nyingine imeshafanyika: chumba cha jenereta kimehamishwa, ngazi ya pili ya kutokea wakati wa moto imepanuliwa, sakafu ya maduka imebadilishwa aina. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye cheti kwa sababu "bei bado tunajadiliana". Nimezikadiria 3.1. Lifti ziliwekewa makadirio tu ya 2.5 ndani ya mkataba mpaka bei halisi ijulikane, nukuu imekuja 3.7, kwa hiyo ongeza 1.2. Mkandarasi ameandika barua anadai gharama za kuchelewa, 2.4, na ukiisoma kuna sehemu ana haki kwa sababu michoro ya mabomba ilichelewa kweli. Nimeweka 1.5. Hiyo 1.5 nikiri hapa, ni bashiri ya mtu mwenye uzoefu, lakini ni bashiri. Ningeweza kuandika 1 au 2 na nisingeona aibu. Kitu pekee ambacho najua hakiwezi kuwa sahihi ni sifuri, na sifuri ndio iliyokuwa kwenye ripoti ya mwenye mradi.

Halafu muda, hapa ndipo ninapochokaga. Asilimia 61 ya miezi imepita haimaanishi kitu. Angalia kasi. Miezi mitatu ya mwisho vyeti vya kazi mpya vilikuwa 2.1, 2.3, na 4.2. Hiyo 4.2 imemfurahisha kila mtu, "mkandarasi ameamka", wakati ndani yake kuna 2.4 ya fremu na vioo vya ukuta wa nje ambavyo havipo saiti, viko kwenye karakana ya msambazaji. Kazi iliyofanyika kwenye jengo mwezi huu ni 1.8. Wastani wa miezi mitatu ni kama 2.1 kwa mwezi, kazi iliyobaki ni 24, gawanya, unapata miezi 11 na nusu. Sio 7. Nikawa mpole nikaandika 11, maana umaliziaji ukishaanza mafundi wengi wanaingia kwa pamoja na kasi hupanda. Hupanda wakati mwingine. Wakati mwingine wote wanasubiri dari ifungwe, na dari inasubiri mabomba yapimwe presha, na hakuna kinachopanda.

Miezi minne ya ziada ina bei. Usimamizi wa wataalamu kwa miezi hiyo nimeweka 0.6, juu ya 1.2 iliyobaki kwenye ada, jumla 1.8. Riba: deni linatoka 31.5 kwenda 70, wastani kama 51, kwa asilimia 1 kwa mwezi, mara miezi 11, ni 5.6. Kwenye bajeti imebaki 4.5. Hii ya riba watu huisahau kwa sababu haionekani saiti, hakuna anayeibeba kwa toroli.

Sasa jumlisha. 25.8 ya mkataba, 3.1 mabadiliko, 1.2 lifti, 1.5 madai, 1.8 ada, 5.6 riba. Inakuja 39. Na bado una kazi ya 24 mbele yako ambayo haiwezi kwenda bila mshangao hata mmoja, kwa hiyo nabakiza asilimia 5 yake kama dharura ya kweli, 1.2. Jumla 40.2. Mkopo uliobaki 38.5. Pengo 1.7. Ukitaka kuangalia upande wa pili, ile dharura ya 7 "ambayo haijaguswa" imeshaliwa 7.5: mabadiliko 3.1, lifti 1.2, madai 1.5, ada 0.6 na riba 1.1.

Turudi kwenye vioo, maana hapa ndio watu wa benki na mimi tunapishana. Niliendaga karakana mwenyewe. Fremu za alumini ziko kweli, zimepangwa ukutani, 48 kwa hesabu ya cheti, mimi nilihesabu 44, na kwenye 9 jina la mradi wetu limeandikwa kwa chaki juu ya jina lingine lililofutwa na kitambaa, bado unaliona ukisimama pembeni mwanga ukipiga. Msimamizi wa pale akasema "ah, hizo saizi ni zilezile bosi". Inawezekana ni kweli. Lakini kama mkandarasi au huyo msambazaji akifilisika kesho, wadai wake watazikuta fremu na chaki, na benki itabaki na cheti. Kwa hiyo naomba mambo matatu kabla sijapendekeza zilipwe: hati iliyosainiwa inayohamisha umiliki na inayoonyesha msambazaji mwenyewe ameshalipwa, bima inayotaja zilipo, na zitengwe zikiwa na alama isiyofutika. Bila hivyo nazitoa kwenye ombi, karibu 2.3 baada ya zuio.

Mtu wa benki akasema basi vizuri, ukizuia 2.3 pengo la 1.7 limeisha na chenji juu. Hapana! Ukizuia 2.3, mkopo uliobaki unaongezeka 2.3 na deni lako kwa mkandarasi linaongezeka 2.3 hiyohiyo. Pengo linabaki 1.7 palepale. Kulipa kabla ya kazi kwenye mkataba wa bei isiyobadilika hakubadilishi gharama ya kumalizia ilimradi mkandarasi yupo. Kunabadilisha utaumia kiasi gani akiondoka. Ni hatari mbili tofauti na kwenye ripoti naziweka kwenye kurasa tofauti kwa makusudi, na kila mwezi kuna mtu anazijumlisha.

Bei za zege zilizopandishwa ni ndugu wa jambo hilohilo. Mkandarasi aliweka bei nono kwenye msingi na fremu ya zege, nyembamba kwenye rangi na milango, kwa hiyo cheti kinasema asilimia 60 wakati mimi kwa macho na vipimo nasema jengo liko kama 54. Simlaumu, wengi hufanya. Ila ujue kwamba atakapofika kwenye kazi za bei nyembamba, hamu yake ya kuleta mafundi inapungua.

Na hiyo 54 yangu? Naenda saiti siku moja kwa mwezi, natembea kwa masaa matatu manne, naangalia nyaya juu ya dari kwa tochi na nasema umeme asilimia 40. Mwenzangu angesema 45. Mkadiriaji majenzi wa mradi yupo kila wiki, ana vipimo kuliko mimi, sibishani naye kwenye kila mstari, nachagua mistari mikubwa saba nane naipima mwenyewe. Kwa hiyo pengo la 1.7 linaweza kuwa 1 au 3. Haliwezi kuwa halipo.

Nilichopendekeza: lipeni mwezi huu bila vioo, na kabla ya ombi lijalo mwenye mradi aweke 1.7 kwanza, itumike kabla ya mkopo. Alikasirika, na ada yangu analipa yeye ingawa kazi naifanyia benki, hivyo unaweza kufikiria yale mazungumzo. Akaweka moja, akaomba iliyobaki tuijadili lifti zikishaagizwa, na benki ikakubali, ni haki yao, mimi ni mshauri tu. Fremu zimefika saiti wiki iliyopita. Nimehesabu 39.